Rundo Linalotaja Kima Chake cha Chini Papo Hapo

Ndugu walimu, ndugu wanafunzi wa kompyuta, na ninyi nyote mnaoandika programu ili kujipatia riziki, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Jioni hii nitazungumza juu ya muundo mmoja tu wa data, nao ni rundo ambalo, pamoja na kupokea na kutoa vitu kwa kanuni yake ya kawaida, linaweza pia kujibu swali hili: kati ya namba zote ulizo nazo sasa, iliyo ndogo kuliko zote ni ipi? Sharti ni kwamba jibu lipatikane kwa muda usiobadilika, yaani idadi ya hatua za kulipata iwe ileile rundo likiwa na namba kumi au likiwa na namba milioni moja. Jibu la haraka namna hiyo linahitaji hifadhi ya ziada. Wengi wetu tumefundishwa kuiongeza hifadhi hiyo bila kuelezwa imebeba nini hasa, na hilo ndilo ninalotaka tulielewe.

Nitautumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Friji za chanjo katika vituo vya afya hutakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, na mhudumu husoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika alichokiona. Baadhi ya chanjo, kama ile ya homa ya ini aina ya B na ile ya pepopunda, huharibika zikiganda, kwa hiyo kipimo cha chini kabisa katika orodha kina uzito wa pekee. Sasa tuseme tumeandika programu ambayo mhudumu anaingiza humo vipimo kutoka kwenye daftari, kimoja baada ya kingine, na akigundua amekosea anabonyeza kitufe cha kufuta cha mwisho, kisha kilichotangulia, na kadhalika. Kona ya juu ya skrini inaonyesha kila wakati kipimo cha chini kabisa kati ya vilivyomo. Ili tusihangaike na desimali, tutaandika vipimo kwa sehemu za kumi za nyuzi, hivi kwamba 46 ni nyuzi 4.6.

Orodha ya namna hii ni rundo kamili. Kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza, na hakuna njia ya kugusa kilicho katikati bila kuondoa vilivyo juu yake. Tendo la kuweka na tendo la kutoa yote mawili hufanyika juu tu, ndiyo maana ni mepesi. Swali la kima cha chini ndilo linalotusumbua, kwa sababu namba ndogo kuliko zote inaweza kuwa popote, juu, katikati au chini kabisa. Mtu anaweza kulipitia rundo zima kila anapoulizwa, na kwa vipimo sitini vya mwezi mmoja hakuna atakayeona tofauti. Lakini gharama hiyo hukua pamoja na rundo, na swali likiulizwa baada ya kila badiliko, kazi ya jumla hukua kwa mraba wa idadi ya vipimo.

Wazo la kwanza linalomjia karibu kila mtu ni kutunza kigeu kimoja chenye kima cha chini cha sasa. Kipimo kipya kikiingia, tunakilinganisha na kigeu hicho, na kama ni kidogo zaidi tunabadilisha. Kwa upande wa kuweka, wazo hili halina dosari hata moja. Mhudumu anaingiza 46, kigeu kinakuwa 46. Anaingiza 38, kigeu kinakuwa 38. Anaingiza 52, hakibadiliki. Anaingiza 38 tena, hakibadiliki. Anaingiza 31, kigeu kinakuwa 31. Anaingiza 44, hakibadiliki. Kisha anatazama daftari na kuona kwamba ile 31 ilikuwa 41, amesoma vibaya mwandiko wa mwenzake. Anafuta 44, anafuta 31. Sasa kigeu chetu kina 31, namba ambayo haimo tena katika rundo, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba kabla yake jibu lilikuwa 38. Tulipoandika 31 juu ya 38 tulipoteza habari ambayo tulikuwa bado tunaihitaji.

Hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Kuweka hakuhitaji historia, ila kutoa kunaihitaji. Kila tendo la kutoa linalirudisha rundo katika hali iliyokuwapo kabla ya kitu cha juu kuingia, na kwa hiyo linatudai jibu lililokuwa sahihi wakati ule. Hifadhi ya ziada tunayoizungumzia ni kumbukumbu ya majibu hayo ya zamani.

Habari njema ni kwamba majibu hayo ya zamani hayaharibiki. Angalieni kipimo chochote kilichomo ndani ya rundo. Maadamu kipo, hakuna kitu chini yake kinachoweza kutoka wala kuingia, maana njia pekee ya kuvifikia vilivyo chini ni kukitoa chenyewe kwanza. Kundi la vitu vilivyo kuanzia chini kabisa hadi kwenye kipimo hicho limefungwa tangu siku kilipoingia hadi siku kitakapotoka. Na kama kundi limefungwa, kima chake cha chini kimefungwa pia. Kwa hiyo tunaweza kukihesabu mara moja tu, wakati wa kuweka, tukakiandika pembeni ya kipimo, na kitabaki sahihi kwa maisha yote ya kipimo hicho bila kuguswa. Orodha ya kawaida ambayo vitu vyake huondolewa katikati haina sifa hii, na ndiyo sababu mbinu hii haihamishiki huko.

Basi kila ngazi ya rundo itakuwa na namba mbili, kipimo chenyewe na kima cha chini cha kila kitu kuanzia hapo kwenda chini. Kwa vipimo vyetu 46, 38, 52, 38, 31, 44, safu ya vima itakuwa 46, 38, 38, 38, 31, 31. Mhudumu akifuta 44, juu kunabaki kipimo 31 chenye kima 31. Akifuta 31, juu kunabaki 38 chenye kima 38, na hilo ndilo jibu, limesomwa bila kutafutwa. Akiingiza 41 iliyo sahihi, kima chake ni kidogo kati ya 41 na 38, yaani 38. Akirudisha 44, kima ni 38 tena. Hatukutazama zaidi ya ngazi moja katika tendo lolote. Kwa lugha ya Java, sehemu ya kuweka ni hii:

```java
void weka(int x) {
    int m = vima.isEmpty() ? x : Math.min(x, vima.peek());
    kuu.push(x);
    vima.push(m);
}
```

Kutoa ni kuondoa cha juu katika marundo yote mawili, na kuuliza kima cha chini ni kusoma cha juu cha `vima`. Nisisitize jambo moja dogo la usahihi: kama rundo limejengwa juu ya safu ambayo hupanuliwa ikijaa, tendo moja moja la kuweka litachukua muda mrefu kwa kuwa vitu vyote vinanakiliwa kwenye safu mpya, na hapo tunasema muda haubadiliki kwa wastani wa matendo yote, si kwa kila tendo peke yake. Swali la kima cha chini lenyewe halina tatizo hilo hata kidogo.

Tuangalie sasa gharama. Vipimo milioni moja vya biti 32 huchukua baiti milioni nne. Safu ya vima huongeza baiti nyingine milioni nne. Tumezidisha hifadhi mara mbili, bila kujali vipimo vinafananaje. Na ukiitazama ile safu, 46, 38, 38, 38, 31, 31, unaona mara moja kwamba imejaa marudio. Kima cha chini hubadilika mara chache, lakini sisi tunakiandika upya katika kila ngazi.

Kwa hiyo watu hubana. Rundo la pembeni hupokea namba mpya pale tu ambapo kipimo kinachoingia ni kidogo kuliko, au ni sawa na, kima cha sasa. Wakati wa kutoa, kama kinachotoka ni sawa na kilicho juu ya rundo la pembeni, basi nacho kinaondolewa.

```java
void weka(int x) {
    kuu.push(x);
    if (ndogo.isEmpty() || x <= ndogo.peek()) ndogo.push(x);
}
int toa() {
    int x = kuu.pop();
    if (x == ndogo.peek()) ndogo.pop();
    return x;
}
```

Katika mfano wetu rundo la pembeni litakuwa na 46, 38, 38, 31. Zile 52 na 44 hazikuandikwa kwa sababu kuingia kwake hakukubadilisha jibu, na kutoka kwake hakutalibadilisha pia.

Msimbo huu ni mfupi, lakini nauheshimu sana kwa namna unavyoweza kukosewa bila kelele. Kosa la kwanza ni kuandika `<` badala ya `<=`. Mwandishi anajiambia kwamba namba iliyo sawa na kima cha sasa haileti habari mpya, na kwa upande wa kuweka yuko sahihi. Tuone kutoa. Tunaingiza 46, 38, 38, na rundo la pembeni linakuwa na 46 na 38 moja tu. Tunafuta ile 38 ya juu; inalingana na iliyo juu ya rundo la pembeni, kwa hiyo nayo inaondoka. Sasa rundo kuu lina 46 na 38, lakini programu inatangaza kwamba kima cha chini ni 46. Linaloudhi zaidi ni kwamba kosa hili linajificha lenyewe: ukifuta ile 38 iliyobaki, jibu linakuwa 46, ambalo sasa ni sahihi, na anayechunguza hali ya mwisho hataona chochote. Ni pale tu mojawapo ya zile namba mbili zilizo sawa inapokuwa chini kabisa ya rundo ndipo rundo la pembeni linapobaki tupu mapema na programu inaanguka waziwazi.

Kosa la pili ni la Java peke yake, nalo limewapotezea watu saa nyingi. Mtu anafupisha tendo la kutoa na kuandika hivi:

```java
if (kuu.pop() == ndogo.peek()) ndogo.pop();
```

Inaonekana ni kitu kilekile. Lakini marundo ya Java hayahifadhi `int` moja kwa moja. Huhifadhi vitu vya aina ya `Integer`, na alama `==` kati ya vitu viwili vya aina hiyo huuliza kama ni kitu kimoja katika kumbukumbu, haiulizi kama thamani zao ni sawa. Kwa namba kuanzia -128 hadi 127, Java hutumia vitu vilivyokwisha kuandaliwa, kwa hiyo ulinganisho unakubali. Nje ya hapo, kwa kawaida kila namba inapofungwa kuwa `Integer` hupata kitu chake kipya, na ulinganisho unakataa hata kama thamani ni ileile.

Rudini sasa kwenye friji yetu. Vipimo vya kawaida kwa sehemu za kumi viko kati ya 20 na 80, vyote ndani ya eneo salama, na programu itapita kila jaribio. Siku moja kituo kinaletewa kipimajoto kinachosoma hadi sehemu za mia, na nyuzi 4.12 zinaandikwa 412. Kuanzia hapo rundo la pembeni halipunguzwi tena. Mhudumu anafuta 310 aliyoiingiza kwa makosa, na skrini inaendelea kuonyesha 310 kana kwamba bado imo. Hakuna mstari wa msimbo uliobadilika, kilichobadilika ni kipimajoto. Tiba ni ile niliyoionyesha mwanzo, kukitoa kitu kwanza na kukiweka katika `int x`, kwa sababu `int` ikilinganishwa na `Integer` Java huifungua na kulinganisha thamani. Au kutumia `equals`.

Makosa haya mawili yanatofautishwa kwa upande yanakoegemea. Kosa la `<` hutoa jibu lililo kubwa kuliko ukweli, kwa sababu kumbukumbu imeondolewa mapema. Kosa la `==` hutoa jibu lililo dogo kuliko namba yoyote iliyomo, kwa sababu kumbukumbu imebaki baada ya mwenyewe kuondoka. Anayetaka kuyanasa yote aandike jaribio linalofanya matendo maelfu ya kuweka na kutoa kwa bahati nasibu, na baada ya kila tendo, si mwishoni tu, alinganishe jibu la rundo na jibu la kulipitia rundo zima. Jaribio lifanyike mara mbili: mara moja kwa namba za eneo dogo, tuseme 1 hadi 5, ili zirudiane sana, na mara nyingine kwa namba kubwa kubwa. Eneo dogo peke yake halitalinasa kosa la pili, na namba za eneo pana zisizorudiana hazitalinasa la kwanza.

Je, kubana huku kunaokoa kiasi gani? Inategemea mpangilio wa namba, na mipaka yake iko wazi. Namba zikiingia zikipanda, rundo la pembeni lina namba moja tu, ile ya kwanza. Zikiingia zikishuka, kila moja ni kima kipya na rundo la pembeni linakuwa sawa na rundo kuu; hapo hatukuokoa kitu. Kati ya ncha hizo mbili kuna tokeo ambalo mimi huliona zuri kila ninapolirudia. Tuseme namba zote ni tofauti na zinaingia kwa mpangilio wa bahati nasibu. Namba ya kwanza hakika ni kima kipya. Ya pili ina nafasi moja kati ya mbili ya kuwa ndogo kuliko iliyotangulia, ya tatu ina nafasi moja kati ya tatu, na ya mia ina nafasi moja kati ya mia, kwa sababu kati ya namba mia hizo kila mojawapo ina haki sawa ya kuwa ndogo kuliko zote. Kwa hiyo ukubwa wa wastani wa rundo la pembeni ni jumla ya 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea hadi 1/n. Kwa namba milioni moja jumla hiyo ni karibu 14.4. Namba milioni moja katika rundo kuu, na kumi na nne au kumi na tano hivi pembeni.

Ila vipimo vya friji si namba tofauti tofauti za bahati nasibu. Friji nzuri hutulia, na inaweza kurudia 40 mara mia moja mfululizo. Kwa kanuni ya `<=`, kila 40 inaingia rundo la pembeni, na tunarudi kwenye hifadhi mara mbili. Wengine hutatua hili kwa kuandika namba pamoja na hesabu ya marudio yake. Mimi napendelea njia nyingine: rundo la pembeni lisihifadhi thamani, lihifadhi nafasi. Kipimo kikiwa kidogo kabisa kuliko kima cha sasa, bila kuhesabu usawa, tunaandika pembeni kwamba kimekaa ngazi ya ngapi. Katika 46, 38, 52, 38, 31, 44, rundo la pembeni lina 1, 2, 5. Tunapotoa kilichoko ngazi ya 5, tunaangalia kama ngazi iliyo juu ya rundo la pembeni ni 5. Ikiwa ndiyo, tunaiondoa. Ile 38 ya ngazi ya 4 ikitoka, haigusi kitu, kwa sababu kima kinashikiliwa na 38 ya ngazi ya 2 ambayo bado ipo. Kosa la usawa halina tena mahali pa kuingilia, kwa kuwa hakuna ngazi mbili zenye nafasi moja.

Na kuna faida nyingine. Sasa kila anayeandikwa pembeni ana thamani ndogo kuliko wa chini yake, kwa hiyo rundo la pembeni haliwezi kuzidi idadi ya thamani tofauti zinazowezekana. Friji ikibaki kati ya 20 na 80 kwa sehemu za kumi, thamani tofauti ni 61. Vipimo vikifika milioni, rundo la pembeni halitavuka 61.

Wapo watakaouliza juu ya ile mbinu inayodaiwa kutotumia hifadhi ya ziada kabisa, isipokuwa kigeu kimoja. Ni mbinu ya werevu na inastahili kuelezwa kwa haki. Kigeu kina kima cha sasa, tukiite m. Kipimo x kisichopungua m kinaingia kama kilivyo. Kipimo x kilicho kidogo kuliko m hakiingii chenyewe. Tunaweka namba 2x - m, kisha m inakuwa x. Kwa kuwa x ni ndogo kuliko m, namba 2x - m ni ndogo kuliko x yenyewe, kwa hiyo itakuwa chini ya kima kipya. Wakati wa kutoa, tukikuta namba iliyo chini ya m tunajua ni alama: kipimo cha kweli ni m, na kima cha zamani ni 2m ukitoa namba hiyo. Kwa vipimo vyetu, 46 inaingia kama 46. 38 inaingia kama 30, yaani 76 kutoa 46. 52 na 38 zinaingia zilivyo. 31 inaingia kama 24, yaani 62 kutoa 38. Na 44 inaingia ilivyo. Tukitoa 44, ni kubwa kuliko 31, basi ni kipimo cha kawaida. Tukitoa 24, iko chini ya 31, basi kipimo cha kweli ni 31 na kima cha zamani ni 62 kutoa 24, yaani 38. Inafanya kazi.

Lakini historia ambayo kigeu kimoja kilishindwa kuibeba imekwenda wapi? Imefichwa ndani ya namba zenyewe, kwa kuzitawanya nje ya eneo lao la asili. Namba ya biti 32 haina nafasi ya kubeba 2x - m kwa kila x na kila m, na nafasi ikikosekana, Java haipigi kelele. Inazungusha namba hadi upande wa pili. Waandishi wengi huanza m kwa namba kubwa kuliko zote, 2147483647, ili kipimo cha kwanza kionekane kidogo bila kuuliza kama rundo ni tupu. Kipimo cha kwanza kikiwa 38, tunaweka 76 kutoa 2147483647, ambayo ni -2147483571, na bado inaenea. Sasa tuseme asubuhi hiyo friji imeganda na kipimo cha kwanza ni -5, yaani nusu nyuzi chini ya sifuri. Hesabu ni -10 kutoa 2147483647, ambayo ni -2147483657, na namba ndogo kuliko zote kwa biti 32 ni -2147483648. Kinachoandikwa katika rundo ni 2147483639. Hiyo haiko chini ya m, kwa hiyo programu inaichukua kuwa kipimo cha kawaida, na mhudumu anayetaka kuona kipimo cha mwisho anaonyeshwa friji yenye nyuzi zaidi ya milioni mia mbili. Kosa limekaa kimya kwa kila kipimo cha kwanza kisicho chini ya sifuri, na limejitokeza siku ya kuganda, siku ambayo programu ilihitajika hasa.

Tiba inayopendekezwa ni kuhifadhi namba za biti 64. Itatibu, ila sasa kila ngazi ina baiti nane badala ya nne, sawasawa na tulipokuwa na safu mbili tangu mwanzo. Pale ambapo eneo la vipimo linajulikana kuwa dogo, na rundo linaanza kwa kipimo cha kwanza chenyewe badala ya namba ya kubuni, mbinu hii ni halali, kwa sababu biti zisizotumika zilikuwapo tayari na ndizo zinazobeba historia.

Kuna mpaka mmoja unaofaa kutajwa, kwa kuwa wanafunzi huuliza. Kama tunaweza kukitaja kima cha chini kwa muda usiobadilika, kwa nini tusiweze pia kukitoa kwa muda huohuo, popote kilipo? Jibu ni kwamba tungeweza kuweka namba n ndani ya rundo na kutoa kima cha chini mara n, na namba zingetoka zimepangwa kwa hatua zinazolingana na n. Imethibitishwa kwamba kupanga kwa kulinganisha peke yake kunahitaji ulinganisho wa kiwango cha n mara logi ya n, kwa hiyo muundo kama huo unaotegemea ulinganisho hauwezi kuwapo.

Nimalizie na matumizi yanayoonyesha kwa uwazi zaidi hifadhi hii inahitajika wapi na haihitajiki wapi. Tuseme tunataka kima cha chini cha wiki moja iliyopita tu, yaani vipimo 14 vya mwisho, na kila kipimo kipya kikiingia, cha zamani kabisa kinaondoka. Hiyo ni foleni, na foleni hujengwa kwa marundo mawili. Vipimo vinaingia katika rundo la mapokezi. Tunapotaka kutoa na rundo la kutokea ni tupu, tunahamisha vyote vya mapokezi kwenda huko, kimoja kimoja, na kwa kuhama hivyo mpangilio unageuka na cha zamani kinakuwa juu. Kila kipimo huhama mara moja tu, kwa hiyo wastani wa kazi kwa kila kipimo haubadiliki. Kima cha chini cha foleni ni kidogo kati ya vima vya marundo hayo mawili.

Watu wengi hapa hutumia rundo kamili lenye vima katika pande zote mbili. Tazameni vizuri. Rundo la mapokezi halitolewi kitu kimoja peke yake hata siku moja. Huongezwa, kisha humwagwa lote kwa mpigo na kuanza upya. Hakuna hali ya zamani ambayo tutalirudisha, kwa hiyo kile kigeu kimoja tulichokikataa mwanzoni kinatosha kabisa upande huu. Rundo la kutokea ndilo linalopunguzwa kimoja kimoja, nalo linahitaji kima katika kila ngazi. Lakini huko nako, kama mwenye programu anataka kima cha chini tu na hahitaji kukiona kipimo kinachoondoka, hakuna sababu ya kuhifadhi vipimo vyenyewe: wakati wa kuhamisha tunaandika vima peke yake, namba moja kwa ngazi. Foleni nzima ya vipimo 14 inatunza kima chake cha chini kwa nafasi 14 za namba na kigeu kimoja.